Sekunde Ishirini za Kicheko Mbele ya Wenye Fedha

Mwaka 2009 Mmarekani Rufus Griscom alisimama mbele ya wawekezaji kuomba fedha za kukuza Babble, tovuti ya malezi aliyoianzisha na mkewe, Alisa Volkman. Waliokuwa wakimsikiliza ni watu ambao kazi yao ni kuambiwa, asubuhi na jioni, kwamba kampuni iliyo mbele yao itakuwa kubwa kuliko ile iliyopita jana. Griscom akawawekea ukutani slaidi yenye sababu tano za kutowekeza katika biashara yake. Watu wakacheka. Mwaka huo alipata dola milioni 3.3.

Miaka miwili baadaye alikwenda kwa Disney, safari hii akitaka kuiuza kampuni yenyewe, na akarudia mtindo uleule: hizi hapa sababu za kutoinunua Babble. Wasomaji wake, alisema, walikuwa wakifungua kurasa chache kuliko ilivyotarajiwa. Tovuti ilikuwa ya malezi, lakini asilimia 40 ya makala zake zilihusu watu mashuhuri. Mitambo ya nyuma ya tovuti ilikuwa imechoka na ilihitaji kusukwa upya. Disney walicheka, wakasikiliza, kisha wakainunua kwa dola milioni 40.

Kisa hiki kimesimuliwa na Adam Grant, profesa wa Wharton, katika kitabu chake *Originals* cha mwaka 2016, na tangu hapo kimezunguka sana katika madarasa ya ujasiriamali. Kimezunguka hata kikageuzwa dawa: anza kwa kujicheka, wenye fedha watalegea. Tatizo ni kwamba dawa hiyohiyo ilikuwa imekwishajaribiwa kabla ya Griscom, mbele ya wawekezaji wenye jina kubwa zaidi, na matokeo yake yalikuwa kinyume kabisa.

Mwaka 2004 Mark Zuckerberg, akiwa na umri wa miaka 20, alikwenda na mwenzake Andrew McCollum katika ofisi za Sequoia Capital kuwasilisha Wirehog, programu ya kubadilishana mafaili. Walichelewa. Walikuwa wamevaa nguo za kulalia. Walichokuja nacho kilikuwa orodha ya sababu kumi za kutowekeza katika Wirehog: hatuna mapato, huenda tukashtakiwa na kampuni za muziki, tumefika ofisini kwenu tukiwa tumechelewa na tukiwa na nguo za kulalia, na Sean Parker yumo. Parker, ambaye Sequoia walikuwa wamewekeza katika kampuni yake ya awali ya Plaxo kabla ya yeye kuondolewa humo, ndiye aliyekuwa na kinyongo nao, na mpango mzima ulitokana na kinyongo hicho. Hakuna fedha iliyotoka. David Kirkpatrick, aliyeandika historia ya awali ya Facebook, anaeleza kwamba baadaye Zuckerberg alijuta.

Kwa uchekeshaji mtupu, orodha ya Wirehog inaishinda ya Babble kwa mbali. Sababu ya Parker kuwekwa kwenye orodha inachekesha hata leo. Kwa ukweli pia hazipitani sana, kwani Wirehog haikuwa na mapato kweli na hatari ya mashtaka ilikuwapo kweli. Kwa hiyo mwenye kutaka kujua ni kitu gani kinachoufanya mzaha wa ufunguzi umjenge msemaji au umbomoe asitafute jibu katika ukali wa mzaha wala katika ukweli wake. Atazame mambo mawili: kicheko kinalipwa na nani, na sentensi gani inakuja baada yake.

Katika slaidi ya Griscom, kicheko kililipwa na Griscom mwenyewe. Alitoa kitu ambacho kwa kawaida mwombaji hukificha, na mwekezaji akakipata bure. Grant anasimulia kwamba watu walionekana wazi kulegeza miili yao. Walikuwa wameingia wakiwa wamejikunja, tayari kuchimba mabaya yaliyofichwa, na sasa mabaya yalikuwa mezani, yamepangwa kwa namba. Kisha likatokea jambo la pili ambalo wasimulizi wengi hulipita haraka: pale Disney, mazungumzo yaliyofuata yalikuwa ya kutafuta namna ya kuyatatua matatizo hayo. Mtu akisikia kwamba asilimia 40 ya makala za tovuti ya malezi ni za watu mashuhuri, akili yake haiendi kwenye kuikataa kampuni. Inakwenda kwenye kuajiri mhariri mwingine. Udhaifu ulitajwa kwa kipimo, na kitu chenye kipimo kinashikika.

Wirehog kicheko chake kililipwa na wenyeji. Waliamka asubuhi, wakakaa mezani, wakasubiri, kisha wakaambiwa kwamba muda wao ndio uliokuwa unachezewa. Na baada ya kila sababu hakukuwa na sentensi nyingine. Kutokuwa na mapato kuliachwa hewani, hakukufuatwa na tarehe, wala bei, wala mpango.

Wanasaikolojia wa mambo ya kazi wamelipima jambo hili kwa njia yao. Bradford Bitterly, Alison Wood Brooks na Maurice Schweitzer walichapisha mwaka 2017 mfululizo wa majaribio kuhusu mzaha na hadhi ya anayeutoa. Katika jaribio mojawapo, washiriki walisikiliza maelezo ya kuisifu huduma ya utalii wa Uswisi. Baadhi yao walisikia maelezo ya kawaida, na wengine walisikia maelezo yaleyale yakiwa na mzaha mwepesi kuhusu msalaba wa bendera ya nchi hiyo, ambao unafanana na alama ya kujumlisha. Si mzaha wa kumwangusha mtu kitini. Hata hivyo, aliyeutoa alihesabiwa kuwa anajiamini zaidi na ana uwezo zaidi kuliko aliyesoma bila mzaha. Majaribio mengine yakaonyesha upande wa pili: mzaha usiofaa mahali pale humshusha msemaji, watu wakamwona hana uwezo. Katikati ya hayo mawili kuna matokeo ambayo mjasiriamali mwoga anapaswa kuyasoma mara mbili. Mzaha usiochekesha, lakini unaofaa mahali pake, bado humwacha msemaji akionekana mtu anayejiamini. Kinachoumiza ni kukosa adabu. Kukosa kicheko peke yake hakuumizi sana.

Bitterly na Schweitzer walirudi mwaka 2019 na swali jingine: mtu akitaja udhaifu wake kwa mzaha, wasikilizaji wanauchukuliaje? Wakakuta kwamba anayefanya hivyo huonekana mkunjufu zaidi na mwenye uwezo zaidi. Wakakuta pia kwamba udhaifu wenyewe huchukuliwa kuwa si wa kweli sana, au si mzito sana. Kicheko kinapunguza uzito wa kilichosemwa.

Kwa anayeomba kazi, hiyo ni neema. Kwa anayeomba mtaji, ni mtego. Mwekezaji hatoi fedha siku ya kusikia wazo. Anatoa baada ya wiki au miezi ya kukagua vitabu, mikataba, kodi na orodha ya wateja. Kama mwanzilishi alisema kwa utani kwamba mteja wake mmoja ndiye anayelipa mishahara ya ofisi nzima, na chumba kikacheka, kila aliyekuwapo aliondoka akiamini kuwa yalikuwa maneno ya kuchangamsha. Mkaguzi anapofungua daftari na kukuta kwamba kweli mteja mmoja analeta robo tatu ya mapato, mwekezaji hasemi, "Alituambia." Anasema, "Alituchezea." Griscom alilikwepa shimo hili kwa sababu kicheko chake kilitokana na kichwa cha slaidi, yaani ule ujasiri wa kuorodhesha sababu za kukataliwa. Sababu zenyewe alizisema kwa uso wa kazi.

Hapo ndipo mstari unapopaswa kuchorwa. Mzaha unaweza kufungua mlango wa jambo zito, lakini jambo zito lenyewe lisemwe kwa sauti ya kawaida, na tarakimu yake, angalau mara moja, kabla ya wasilisho kwisha.

Upo pia utafiti wa zamani kidogo unaoeleza kwa nini kujicheka humpendeza mmoja na kumwangusha mwingine. Mwaka 1966 Elliot Aronson na wenzake waliwasikilizisha wanafunzi kanda za mtu akijibu maswali ya chemsha bongo. Katika kanda moja mtu huyo alikuwa hodari, akipata asilimia 92 ya majibu. Katika nyingine alikuwa wa kawaida, akipata asilimia 30. Mwishoni mwa baadhi ya kanda ilisikika kelele: kikombe kimeanguka na kahawa imemwagikia suti yake mpya. Hodari aliyejimwagia kahawa alipendwa zaidi kuliko hodari asiyejimwagia. Yule wa kawaida, kahawa ilimpunguzia hata kile kidogo alichokuwa nacho.

Griscom hakuwa mgeni katika biashara ya uchapishaji wa mtandaoni alipoonyesha slaidi ile, na wasikilizaji walijua hivyo. Kijana anayesimama kwa mara ya kwanza jukwaani Nairobi au Dar es Salaam hana akiba hiyo. Akianza kwa kusema kwamba hata mama yake haelewi anachokifanya, anamwaga kahawa kabla hajajibu swali hata moja. Bitterly na Brooks, katika makala yao ya baadaye kwa wasimamizi wa kampuni, wanatoa kipimo kizuri: mtakwimu anaweza kutania tahajia yake mbaya, lakini si takwimu zake. Mwenye kampuni ya malipo kwa simu na atanie mwandiko wake. Akitania hesabu zake, hakuna atakayecheka kwa moyo.

Basi amtanie nani? Wasomaji wa Tanzania wanaufahamu utani wa makabila, ambapo Mhehe humwambia Mngoni maneno ambayo yangempeleka mtu mwingine baraza la kata, na humwambia hata msibani. Utani ule unasimama juu ya ruhusa iliyotolewa kabla watani wenyewe hawajazaliwa. Mwekezaji hajatoa ruhusa. Kumtania yeye, hata kwa wema, ni kujichukulia haki isiyokuwapo. Kumtania mteja ni vibaya zaidi, kwa kuwa mwekezaji anayesikia wateja wakichekwa huanza kuhesabu watakaa muda gani. Kujitania kuna mipaka tuliyoiona. Anayebaki ni adui wa pamoja, yaani lile tatizo ambalo kampuni inadai kulitatua. Tatizo halina ndugu chumbani.

Tuchukue mfano wa kubuni, pamoja na tarakimu zake za kubuni. Mwanamke mmoja ana kampuni changa Mwanza. Anakodisha makasha ya baridi yanayotumia umeme wa jua kwa wauza samaki wa soko la Mwaloni, Kirumba. Amepewa dakika tatu mbele ya wawekezaji sita, wawili kati yao ni wageni kutoka Ulaya.

Rasimu yake ya kwanza ya ufunguzi ilikuwa hii: natumaini mmekula vizuri, maana mtu mwenye njaa hawekezi. Hakuna ubaya ndani yake, na hakuna faida. Mzaha huu ungeweza kutangulia wasilisho la viatu, la bima au la kuku wa mayai. Sekunde nane zimekwenda, na mwekezaji hajui hata kama ameingia chumba chenyewe.

Rasimu ya pili ilihusu kukatika kwa umeme. Alikusudia kusema kwamba yeye na friji la nyumbani kwake wanafanana, wote huzimika bila taarifa. Alipoijaribu kwa marafiki ilileta kicheko kikubwa, kuliko vyote alivyopata. Lakini tazama imepanda nini. Mwekezaji atakayekumbuka sentensi moja tu kutoka wasilisho zima atakumbuka friji lililozima na mwanamke aliyezima, na bidhaa anayoombwa kuifadhili ni kasha la baridi. Makasha yake hayategemei gridi kabisa, ila hakuna aliyelisikia hilo katikati ya kicheko. Kicheko kikubwa kilichoelekezwa pasipo mahali pake ni kibaya kuliko ukimya, kwa sababu hakisahauliki.

Rasimu ya tatu aliipata sokoni, kwa kusikiliza. Wauza samaki wana lugha yao ya kuelezea jinsi bei inavyowatoroka jua linapopanda, na lugha hiyo ina kejeli iliyonoka kuliko ya mchekeshaji yeyote wa kulipwa. Aliyoyasikia aliyapunguza yakawa hivi:

"Alfajiri pale Mwaloni, sato anauzwa kwa bei ya muuzaji. Saa saba mchana, anauzwa kwa bei ya mnunuzi. Saa kumi na moja jioni, anauzwa kwa bei ya paka."

Kisha, baada ya pumzi moja: "Kati ya bei ya muuzaji na bei ya paka kuna shilingi 6,000 kwa kila kilo. Tunakodisha kasha linalomfanya sato wa jioni aendelee kuwa wa alfajiri, na wauzaji 40 wanatulipa kila siku kwa kazi hiyo."

Fundi akiifungua rasimu hii ataona vipande vinavyofanya kazi. Vituo viwili vya kwanza vinajenga mpangilio ambao sikio linauzoea: saa, kisha mwenye kupanga bei. Kituo cha tatu kinaufuata mpangilio huohuo na kumleta asiyetarajiwa. Neno la kicheko ni la mwisho kabisa katika sentensi, na baada yake hapana kitu. Kosa la kawaida hapa ni kuongeza mkia, kama vile "na paka, kama mjuavyo, halipi." Mkia huo unaikanyaga sekunde ambayo watu walikuwa wanataka kuitumia kucheka, na unawaambia kwamba msemaji hakuamini kuwa wameelewa.

La pili ni kwamba kila neno lake ni la kazi. Saa tatu zilizotajwa ndizo zitakazokuwa chini ya mchoro wa bei katika slaidi inayofuata. Mwekezaji akiuona mchoro huo tayari anaujua, kwa sababu amekwishaucheka. Wageni wawili kutoka Ulaya hawajawahi kufika Kirumba wala hawajui sato ni samaki gani, lakini wanaelewa saa, wanaelewa bei, na wanaelewa paka. Hilo si dogo. Mawasilisho mengi ya mtaji katika miji yetu hufanywa kwa Kiingereza mbele ya chumba mchanganyiko, na mzaha unaohitaji kujua jina la daladala au kauli ya mbunge fulani hukigawa chumba hicho vipande viwili: wanaocheka, na wanaotazama wenzao wakicheka. Hao wa pili huanza kikao wakiwa nje, na mara nyingi ndio wenye hundi.

La tatu ndilo kipimo ambacho safu hii ingekiweka juu ya vingine vyote. Ufunguzi huu hauhitaji kicheko. Wawekezaji wote sita wakikaa kimya kama msikitini wakati wa hotuba, kilichosemwa kinabaki kuwa maelezo sahihi ya soko. Msemaji hana haja ya kuokoa chochote. Anavuta pumzi na kutaja shilingi 6,000, na hakuna atakayejua kwamba palikusudiwa kicheko. Mzaha wa friji hauna bima hiyo, na ule wa njaa hauna pia.

Mtu akijaribu ufunguzi wake kabla ya siku yenyewe, asiujaribu kwa marafiki wanaompenda. Aukariri mbele ya mhasibu, au mtu yeyote ambaye kazi yake ni kutilia shaka, na asimuulize kama umechekesha. Amsubiri mpaka kesho yake, kisha amuulize kampuni inauza nini na tatizo la mteja ni lipi. Akikumbuka paka na akasahau bei, kuna kitu cha kukaza. Akikumbuka kwamba samaki hupoteza thamani mchana kutwa, ufunguzi umefanya kazi hata kama paka mwenyewe amepotea.

Ndani ya chumba, kipimo ni swali la kwanza. Swali la kwanza likiwa juu ya tarakimu ("Hiyo bei ya paka ni shilingi ngapi hasa?"), mzaha umegeuka kuwa lugha ya kikao, na hakuna kitu kizuri zaidi ambacho ufunguzi ungeweza kufanya. Ndiyo maana lazima jibu lake liwe limeandaliwa: ni bei gani, ya mwezi gani, imepimwa kwa wauzaji wangapi. Swali la kwanza likiwa juu ya msemaji mwenyewe, kama amewahi kufanya maigizo au kama huwa mcheshi hivi kila siku, hiyo ni pongezi ya kuogopwa. Wamemwona mchekeshaji.

Na kicheko kisipokuja kabisa? Wanaoharibu huharibu hapa. Mmoja huuliza kama watu wamelala. Mwingine hueleza mzaha. Wa tatu hutupa mzaha wa pili wa kuufidia wa kwanza, na huyo ndiye huishia kusema lile lisilofaa, ambalo majaribio ya mwaka 2017 yalionyesha kwamba ndilo linalogharimu. Njia iliyobaki ni kuendelea kwa mwendo uleule. Katika vikao vya video, ambako wasikilizaji huwa wamezima vipaza sauti, hata kicheko cha kweli hakisikiki, na anayesimama kukisubiri huonekana kama mtu aliyekatikiwa na mtandao. Huko pumzi iwe fupi zaidi, na macho yabaki kwenye kamera.

Kuna mpaka mmoja ambao hauko mikononi mwa msemaji. Mwaka 2019 Jonathan Evans na wenzake walichapisha jaribio ambalo watazamaji walioneshwa video za meneja akitoa taarifa, mwanamume katika baadhi ya video na mwanamke katika nyingine, wakisema maneno yaleyale na mizaha ileile. Mwanamume aliyetania alipewa hadhi kubwa kuliko mwanamume asiyetania. Kwa mwanamke ilikuwa kinyume: mzaha ulimpunguzia, kwa sababu watazamaji walielekea kuuona kama upotezaji wa muda. Si haki, na kumshauri mwanamke avae uso wa jiwe ili aupate mtaji wake ni kumlipisha deni la wengine. Hata hivyo, mfano wa Mwaloni unaonyesha kwa nini aina ya mzaha ina uzito kwake kuliko kwa mwanamume. Mzaha uliobeba bei ndani yake ni vigumu kuuita upotezaji wa muda, kwa kuwa ukiuondoa unaondoa uchambuzi wa soko. Mzaha wa njaa ya mchana ungemwacha bila kinga.

Mambo haya yote yalionekana kwa pamoja, mazuri na mabaya, katika studio ya BBC mwezi Februari 2007. Kipindi kilikuwa *Dragons' Den*, mzizi wake ukiwa Japani, na mfano wake ukaja kufika Kenya mwaka 2016 kwa jina la *KCB Lions' Den*. Aliyepanda ngazi siku hiyo alikuwa Levi Roots, mwanamuziki mzaliwa wa Jamaika aliyekuwa akiuza mchuzi wa pilipili wa kupikiwa nyumbani katika kanivali ya Notting Hill, London. Hakuanza kwa kusema. Aliingia na gitaa akaimba wimbo wa rege kuhusu mchuzi wake, Reggae Reggae Sauce, na matajiri watano ambao sifa yao ilikuwa kununa wakaanza kutabasamu.

Kwa vipimo vya safu hii, ulikuwa ufunguzi safi. Wimbo ulihusu bidhaa, uliitaja kwa jina, na ulionyesha namna mchuzi ule ungeuzwa: kwa muziki, na kwa sura ya mwenyewe. Aliomba pauni 50,000 kwa asilimia 20 ya kampuni.

Kisha zikaja tarakimu. Roots akawaambia kwamba ana oda ya lita milioni mbili na nusu za mchuzi. Walipoiangalia karatasi yenyewe, oda ilikuwa ya kilo 2,500. Mtu asiye na gitaa angeweza kuondoka hapohapo, na baadhi ya matajiri walijitoa kweli. Peter Jones na Richard Farleigh walibaki. Walimpa zile pauni 50,000 alizoziomba, na wakachukua asilimia 40.